Misumari kila baada ya milimita ngapi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu boriti ya sanduku ya mbao

Ukurasa huu unashughulikia jambo moja tu: kiungo kinachoshikilia ubao wa juu na ubao wa chini kwenye mbao mbili za ubavuni ili zote nne zifanye kazi kama boriti moja. Ili tusipotee kwenye herufi tupu, majibu mengi yanatumia boriti ileile. Kwa nje ina upana wa mm 150 na kimo cha mm 300. Mbao zote zina unene wa mm 50, na uwazi wa ndani ni mm 50 kwa mm 200. Imekaa juu ya nguzo mbili zilizoachana mita 4, na inabeba mzigo uliosambaa sawasawa wa kN 3 kwa kila mita, uzito wake wenyewe ukiwemo.

Kwani misumari inazuia nini? Si mzigo unazigandamiza mbao zenyewe kwa zenyewe?

Unazigandamiza, lakini hauzuii kuteleza. Weka mbao mbili moja juu ya nyingine bila kuzifunga, zishike kwenye ncha mbili, kisha simama katikati. Utaona kwenye ncha kwamba zimepishana kama ngazi ndogo. Kila ubao umepinda kivyake: uso wake wa juu umefupika na uso wake wa chini umerefuka. Pale zinapokutana, mmoja unataka kurefuka na mwenzake unataka kufupika, kwa hiyo zinapitana.

Msumari kazi yake ni kukataa kupitana huko. Ubao wa juu wa sanduku unapokubali kubanwa badala ya kuteleza, ndipo kimo chote cha mm 300 kinapofanya kazi. Nguvu ambayo kiungo kinalazimika kupitisha kwa kila milimita ya urefu wa boriti ndiyo inayoitwa mtiririko wa mkato. Kipimo chake ni nyutoni kwa milimita, yaani nguvu iliyogawanywa kwa urefu. Si nguvu iliyogawanywa kwa eneo, na hapo ndipo wanafunzi wengi huchanganya mambo.

Kanuni yenyewe ni ipi?

```
q = V × Q / I
s = n × F / q
```

V ni nguvu ya mkato mahali unapopima. I ni momenti ya pili ya eneo la sanduku zima. Q ni eneo la kipande kinachoshikiliwa na kiungo, ukilizidisha kwa umbali kutoka katikati ya kipande hicho hadi katikati ya sanduku. Kwenye mstari wa pili, F ni nguvu inayokubalika kwa msumari mmoja, n ni idadi ya safu za misumari zinazoshikilia kipande hicho, na s ni umbali kati ya msumari na msumari katika safu.

Kanuni hii inahusishwa na mhandisi Mrusi Dmitri Zhuravsky (1821–1891), aliyekutana na tatizo hilohilo alipokuwa akishughulikia madaraja ya mbao ya reli. Kwa maneno mengine ilizaliwa kwenye mbao zilizounganishwa, wala si kwenye chuma kama vitabu vingi vinavyokufanya udhani.

Q ndiyo inayonichanganya. Kipande ni kipi hasa?

Hili ndilo swali lenye thamani kuliko yote hapa, kwa hiyo nitakaa nalo.

Fikiria una msumeno unaopita kwenye viungo tu, haukati mbao. Upitishe kwenye viungo hadi kipande kimoja kidondoke. Hicho kilichodondoka ndicho kipande chako. Safu za misumari ulizolazimika kukata ili kidondoke ndizo n yako.

Sasa tazama njia mbili za kuunda sanduku letu. Ya kwanza naiita sanduku la mfuniko: ubao wa juu una upana wote wa mm 150, umelazwa juu ya mbao mbili za ubavuni zenye kimo cha mm 200, na misumari inapigwa kutoka juu kwenda chini. Ubao wa chini ni vivyo hivyo. Ya pili naiita sanduku la mbavu ndefu: mbao za ubavuni zina kimo chote cha mm 300, na ubao wa juu ni kipande cha mm 50 kwa mm 50 kilichobanwa katikati yake. Misumari inapigwa kutoka pembeni.

Ukiyakata masanduku haya mawili na kuangalia ncha, umbo ni lilelile na mbao zilizotumika ni zilezile kwa ujazo. I nayo ni ileile:

```
I = 150×300³/12 − 50×200³/12 = 304 000 000 mm⁴
```

Lakini pitisha ule msumeno wa viungo. Kwenye sanduku la mfuniko kinadondoka kipande cha mm 150 kwa mm 50. Kwenye sanduku la mbavu ndefu kinadondoka kipande cha mm 50 kwa mm 50 tu, kwa sababu pembe mbili za juu tayari ni sehemu ya mbao za ubavuni na hazihitaji msumari wa kuzishikilia.

```
Mfuniko:      Q = 150×50×125 = 937 500 mm³
Mbavu ndefu:  Q =  50×50×125 = 312 500 mm³
```

Moja ni theluthi ya nyingine. Mzigo ni uleule, umbo ni lilelile, nguvu ya boriti kwenye karatasi ni ileile, lakini kiungo cha pili kinafanya theluthi ya kazi ya kiungo cha kwanza.

Basi nipe umbali wa misumari kwa kila moja.

Mzigo wa kN 3 kwa mita juu ya mita 4 unatoa V ya kN 6 kwenye kila nguzo. Msumari tunaotumia ni wa inchi nne, urefu wa mm 100 na kipenyo cha mm 4, kwenye mbao laini kavu, na tuseme nguvu yake inayokubalika ni N 450. Safu ni mbili, moja kwa kila ubavu.

```
Mfuniko:      q = 6000×937500/304000000 = 18.5 N/mm
              s = 2×450/18.5 = 48.6 mm  → 45 mm

Mbavu ndefu:  q = 6000×312500/304000000 = 6.2 N/mm
              s = 2×450/6.2 = 145 mm    → 140 mm
```

Siku zote punguza unapokadiria, usiongeze. Milimita 48.6 haiwi 50.

Milimita 45! Si ubao utapasuka?

Upo ukingoni. Kwa msumari mwembamba kuliko mm 5 uliopigwa bila kutoboa kwanza, Eurocode 5, yaani kanuni za Ulaya za miundo ya mbao, inataka umbali usiopungua mara 10 ya kipenyo kufuata nyuzi za mbao, yaani mm 40 kwa msumari wetu, ikiwa mbao si nzito sana. Kwa hiyo mm 45 inapita, lakini imebaki na nafasi ya mm 5 tu. Ukiongeza mzigo kidogo, hesabu itakuomba misumari ambayo mbao haiwezi kuipokea.

Usifikiri utaokoka kwa kuongeza safu ya pili kwenye ubavu uleule. Ukingo wa ubao wa ubavuni una unene wa mm 50. Msumari unahitaji mm 20 kutoka kila ukingo na mm 20 kati ya safu na safu, jumla mm 60. Haitoshi. Safu moja katikati, basi.

Dawa ni kutoboa kwanza kwa keekee ya karibu mm 3.2. Ukitoboa, umbali wa chini kabisa kufuata nyuzi unashuka hadi mara 5 ya kipenyo, na mbao haipasuki kirahisi. Ni kazi ndefu na inachosha mkono, ndiyo maana mimi nikipewa uhuru wa kuchagua, nachagua mbavu ndefu. Kikwazo chake ni kupata mbao zenye kimo cha mm 300. Zisipopatikana watu hutumia plaiwudi ubavuni, na hapo hesabu ya I inabadilika kwa sababu ubavu umekuwa mwembamba na si tabaka zake zote zina nyuzi zinazofuata urefu wa boriti.

Nikitumia misumari ya inchi tatu itakuwaje?

Itakuwa mibaya. Ya inchi tatu ina mm 75. Ukitoa unene wa ubao wa kwanza, mm 50, zinabaki mm 25 ndani ya ubao wa pili. Msumari laini unatakiwa uzame angalau mara 8 ya kipenyo upande wa ncha, na kwa kipenyo cha mm 4 hiyo ni mm 32. Ubaya wa kosa hili ni kwamba halionekani: kichwa cha msumari kinang'aa vizuri tu juu ya ubao, na nafasi zimepimwa kwa rula.

Kwenye sanduku la mbavu ndefu msumari wa mm 100 unaleta jambo jingine. Unapita ubavu, unapita kile kipande cha katikati chote, na ncha yake inaishia kwenye uso wa ubavu wa pili. Ukipiga upande wa pili mahali palepale, misumari miwili inakutana ndani ya kipande chembamba na kukipasua. Ipishanishe: upande mmoja uanze mm 70 mbele ya mwenzake, ili kila msumari uangukie katikati ya miwili ya upande wa pili.

Lazima umbali uwe uleule kutoka nguzo hadi nguzo?

Si lazima, kama mzigo umesambaa. Nguvu ya mkato ni kN 6 kwenye nguzo na inapungua hadi sifuri katikati ya boriti. Misumari ya karibu na nguzo ndiyo inayoteseka, ile ya katikati karibu inapumzika. Hili linawashangaza wengi kwa sababu katikati ndiko boriti inakonepa zaidi, na jicho linasema huko ndiko pa kutilia nguvu.

Kuna njia nyepesi ya kujihakikishia. Nguvu iliyomo kwenye ubao wa juu mahali popote ni M × Q / I, ambapo M ni momenti ya kupinda mahali hapo. Kwenye nguzo momenti ni sifuri, kwa hiyo ubao hauna nguvu. Nusu mita kutoka kwenye nguzo, momenti ni kNm 2.625, na nguvu ndani ya ubao wa mfuniko ni kama kN 8.1. Nguvu hiyo imetoka wapi? Hakuna njia nyingine zaidi ya misumari iliyo kwenye ile nusu mita ya kwanza. Gawanya 8100 kwa 450: misumari 18, tisa kila safu, wastani wa kama mm 55. Inalingana na tulichopata, kwa sababu mm 48.6 ni ya pale pale kwenye nguzo ambapo V ni kubwa kabisa.

Endelea hadi katikati: nguvu ndani ya ubao ni kN 18.5, na misumari inayohitajika kwa nusu nzima ya boriti ni 42. Ile nusu mita ya kwanza peke yake, ambayo ni robo ya nusu boriti, imechukua 18 kati yake.

Kwa sanduku la mfuniko mimi ningegawa kila nusu hivi: mm 45 kwa sentimita 70 za kwanza kutoka kwenye nguzo, mm 70 kwa sentimita 60 zinazofuata, na mm 130 kwa sentimita 70 za mwisho hadi katikati. Kila safu inapata misumari kama 31 kwa nusu boriti, badala ya 44 au 45 kama ungeshikilia mm 45 mwanzo hadi mwisho. Kwa boriti nzima, juu na chini, ni kama misumari 248 badala ya 356. Na sanduku la mbavu ndefu? Ukipiga kila baada ya mm 140 bila kujisumbua kugawa sehemu, unamaliza na kama 116.

Na kama mzigo ni mmoja tu, katikati?

Hapo nguvu ya mkato haipungui. Ni nusu ya mzigo kutoka nguzo hadi katikati, kwa hiyo misumari haitawanywi popote. Vivyo hivyo kama mzigo unahama, mathalani winchi ndogo inayotembea juu ya boriti: kila mahali patafikiwa na zamu yake. Kutanua nafasi katikati ni haki ya mzigo uliosambaa na unaotulia.

Misumari ya chini inaweza kuwa michache? Huko hakuna kinachokanyaga.

Hapana. Sanduku letu lina juu na chini sawa, kwa hiyo Q ni ileile na mtiririko ni uleule. Ubao wa chini unavutwa kwa nguvu ileile ambayo wa juu unabanwa nayo.

Kosa hili nimelifanya mwenyewe. Nilipiga juu kwa utaratibu mzuri, kisha nikageuza boriti jioni, mgongo umechoka, nikawa napiga "ya kushikilia tu". Ilipopakiwa mzigo ikanepa kuliko nilivyokadiria, na nilikagua upande wa juu wote mara mbili kabla ya kukumbuka kugeuza macho chini.

Jambo moja zaidi kuhusu chini: misumari ya mfuniko imesimama wima lakini inafanya kazi ya kukatwa kwa mlalo, haivutwi kutoka. Ukining'iniza mzigo kwenye ubao wa chini, unaanza kuing'oa pia, na msumari laini ni dhaifu sana kwa kung'olewa. Mzigo wa kuning'inia ufungwe kwenye mbao za ubavuni.

Gundi je? Inahitaji umbali gani?

Gundi haina umbali. Unagawa mtiririko kwa upana wa uso uliopakwa. Sanduku la mfuniko lina mm 50 kila ubavu, jumla mm 100:

```
τ = 18.5 / 100 = 0.185 N/mm²
```

Mbao laini za kawaida za ujenzi zinakubaliwa karibu 0.7 N/mm² kwa mkato unaofuata nyuzi, na gundi nzuri ya mbao iliyoshika vizuri huizidi mbao yenyewe. Kwa hiyo hata nusu ya uso ikikosa gundi, bado uko 0.37. Ukiona hesabu hii utadhani gundi ni mchezo.

Si mchezo, ila adui yake hayumo kwenye hesabu. Gundi haishindwi kwa sababu ya 0.185. Inashindwa kwa sababu mbao zilikuwa mbichi, au uso ulipigwa randa wiki iliyopita ukapata vumbi, au ubao ulikuwa umejipinda na gundi ikajaza pengo la mm 2 badala ya kuwa utando mwembamba, au kibanio kililegezwa mapema. Kiungo cha namna hiyo kinaonekana kizima kwa miezi, kisha kinaachia kwa mkupuo. Msumari hupinda na kulalamika kwanza. Gundi haikupi taarifa.

Aina ya gundi nayo ina uzito. Gundi nyeupe ya PVA ya fanicha hulegea polepole ikibebeshwa mzigo usioondoka, na zaidi ikipata joto au unyevu. Kwa boriti inayobeba mzigo siku zote tumia gundi zilizotengenezwa kwa ajili ya miundo: za fenoli na resosinoli, za melamini, au za poliurethani za kazi hiyo. Ukitumia plaiwudi ubavuni, kumbuka kwamba mkato unaweza kupita kwenye tabaka ambalo nyuzi zake zimekaa kinyume. Nyuzi hizo huviringika kama penseli chini ya kiganja, na uwezo wake ni mdogo sana kuliko ule wa nyuzi zinazofuata urefu.

Nikiweka gundi na misumari pamoja, najumlisha nguvu zake?

Usijumlishe. Gundi ni ngumu, haitelezi. Msumari lazima uteleze kidogo ndipo uanze kubeba. Msumari wetu ukibeba N 450 unakuwa umeteleza karibu nusu milimita, na gundi haitakupa hiyo nusu milimita mpaka ivunjike. Kwa hiyo gundi inabeba yote, na ikivunjika misumari inaachiwa yote.

Misumari kwenye kiungo cha gundi ni vibanio tu: inabana mbao hadi gundi ishike. Chagua nani anabeba, kisha mpimie yeye peke yake kazi nzima.

Nimepiga misumari sawasawa na hesabu, mbona boriti inanepa kuliko I inavyosema?

Kwa sababu ya ile nusu milimita. I ya 304 000 000 inadhani mbao zote nne zimekuwa kitu kimoja. Hiyo ni kweli kwa gundi, lakini kwa misumari ni kweli nusunusu. Eurocode 5 ina kigawo, γ, kinachopima ubao wa juu umeshikwa kwa kiasi gani: 1 ni kushikwa kikamilifu, 0 ni kutoshikwa kabisa.

```
γ = 1 / (1 + π²·E·A·s / (K·L²))
```

Hapa E ni ugumu wa mbao yenyewe, A ni eneo la kipande kilichopigiliwa, L ni umbali kati ya nguzo na nguzo, na K ni ugumu wa msumari dhidi ya kuteleza. Kwa msumari wetu kwenye mbao yenye uzani wa kilo 420 kwa mita ya ujazo, K ni karibu N/mm 870. Kwa kuwa safu ni mbili, s inayoingia ni nusu ya umbali wa safu moja. Ukiweka E ya 8000 N/mm², masanduku yote mawili yanatoa γ ya karibu 0.5. Yaani misumari imewekwa kwa umbali sahihi kabisa, na bado ubao wa juu unasaidia nusu tu ya uwezo wake wa kushirikiana.

Ila nusu hiyo haiumizi masanduku yote sawasawa. Kwenye mfuniko, sehemu kubwa ya I inatoka kwenye mbao za juu na chini, kwa hiyo inashuka hadi kama asilimia 62. Kwenye mbavu ndefu, mbao za ubavuni zenyewe zina kimo cha mm 300 na hazimtegemei msumari, kwa hiyo inabaki asilimia 87. Mnepo wa katikati unakuwa hivi: mm 4.1 ukitumia gundi kwenye sanduku lolote kati ya haya mawili, mm 4.7 kwa mbavu ndefu za misumari, na mm 6.6 kwa mfuniko wa misumari. Hizo ni za siku ya kwanza. Mzigo ukikaa, mbao hutambaa na misumari huzidi kuteleza.

Je, kanuni ya q basi ni ya uongo? Kwa misumari iko upande wa salama: ubao ukiteleza unapokea nguvu kidogo, na msumari unapumua. Anayelipa ni ubao wa ubavuni, ambao unapinda zaidi ya ulivyohesabiwa. Kwenye mfuniko, mkazo kwenye ukingo wa ubavu unapanda kutoka karibu 2.0 hadi 3.2 N/mm². Kwa mbao hizi bado ni mdogo, lakini kwenye boriti iliyobanwa zaidi ungepaswa kuukagua.

Nitajuaje kama kiungo kinateleza?

Kabla ya kupakia mzigo, chukua penseli na uchore mstari wima uliokatiza kiungo, kwenye ncha zote mbili za boriti na pia katikati. Pakia mzigo, subiri siku moja, tazama. Mstari wa katikati hautakatika, kwa sababu pale hakuna kuteleza. Wa kwenye ncha utaonyesha ngazi ndogo. Ikiwa ni karibu nusu milimita, misumari inafanya kazi yake. Ikiwa ni mm 2 au zaidi, misumari ni michache, ni mifupi, au mbao imepasuka ilipozama ncha zake.

Kwa gundi, ngazi yoyote unayoiona kwa jicho ni habari mbaya.

Nguvu ya msumari niitoe wapi? N 450 ni ya kila mahali?

Ni ya mfano huu: kipenyo hiki, mbao laini kavu, mzigo wa kawaida. Itazame kwenye kanuni za ujenzi unazofuata, na angalia jambo moja: zipo zinazotoa nguvu inayokubalika moja kwa moja, zikilinganishwa na mzigo halisi, na zipo zinazotoa nguvu ya usanifu, zikilinganishwa na mzigo uliokuzwa kwa vigawo vya usalama. Ukichukua nguvu ya usanifu ukaiweka pamoja na mzigo ambao haujakuzwa, umbali wa misumari utatoka mkubwa na mzuri machoni, na usalama utakuwa umeufuta bila kujua.

Boriti imeshanepa. Niongeze misumari?

Iinue kwanza. Tia jeki au nguzo ya muda katikati, pandisha taratibu hadi ile mistari ya penseli ikaribie kunyooka, ndipo upige. Ukipiga misumari mipya wakati boriti imenepa, unazifunga mbao zikiwa tayari zimepitana. Misumari mipya itasaidia mzigo utakaoongezwa baadaye tu, na mnepo wa sasa utabaki pale pale.

Ongeza kwenye sentimita 70 za kwanza kutoka kila nguzo, usipoteze nguvu katikati. Kama ni mfuniko uliokwisha kupigwa kila baada ya mm 45, hapana nafasi ya msumari mwingine bila kupasua mbao. Toboa kwanza katikati ya kila misumari miwili na tia skrubu ndefu nyembamba, huku nguzo ya muda ikiendelea kubeba hadi skrubu ya mwisho ya upande wa chini iingie.